Sentensi ya Kutendwa Imeharibika Wapi? Kutafuta kosa la wakati katika zoezi la Kiingereza

Mwanafunzi wa skuli moja ya Wete amepewa sentensi hii aigeuze kuwa kauli ya kutendwa, na karatasi inasema wazi kwamba wakati wa kitenzi usibadilike:

The women are drying the cloves.

Anaandika hivi:

The cloves are drying by the women.

Akikaguliwa kwa haraka, kila kitu kinaonekana kipo. Karafuu zimekuja mbele, wanawake wamekwenda nyuma, “by” imewekwa, na “are” haikuguswa ili wakati usiharibike. Lakini jibu halipati hata nusu alama, na mwanafunzi hajui kwa nini. Mara nyingi anaambiwa tu kwamba hajakariri kanuni.

Kukariri mistari minane au tisa ya kanuni hakusaidii sana, maana siku ya mtihani mistari hiyo huchanganyika. Kinachosaidia ni kujua kazi inayofanyika ndani ya kitenzi, kisha kulisoma kosa lenyewe, kwa sababu kila kosa la zoezi hili lina sura yake na sura hiyo inaonyesha limetoka wapi. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, yaani kile kinachoonekana kwenye daftari, halafu tunarudi nyuma kwenye sababu.

Kinachofanyika ndani ya kitenzi

Kiswahili kinageuza kauli kwa herufi chache tu. “Wanawake wanaanika karafuu” inakuwa “Karafuu zinaanikwa na wanawake.” Kiambishi cha wakati, -na-, kimebaki pale pale. Kilichoongezeka ni -w- mwishoni, na kiambishi cha mwanzo kimebadilika kutoka wa- kuwa zi- kwa sababu sasa wanaozungumziwa ni karafuu. Mzungumzaji wa Kiswahili hakosei hapa hata siku moja.

Kiingereza hakina -w-. Mahali pake kinatumia vitu viwili kwa pamoja: kitenzi “be” na umbo la tatu la kitenzi kikuu, kama “taken”, “dried”, “written”. Vyote viwili ni lazima. Kimoja kikikosekana, hakuna kauli ya kutendwa.

Sasa, wakati unakaa wapi? Hili ndilo jambo la kulishika. Kitenzi kikuu, kabla ya kugeuzwa, kilikuwa kimevaa nguo fulani: pengine -ing, pengine umbo la wakati uliopita, pengine hakikuvaa kitu. Unapogeuza, “be” inaingia mbele yake na kuivaa nguo hiyo hiyo. Kitenzi kikuu kinabaki na umbo la tatu tu, katika nyakati zote, bila kubadilika tena. Kwa kitenzi “take” inakuwa hivi:

```
takes            is taken
took             was taken
is taking        is being taken
was taking       was being taken
has taken        has been taken
had taken        had been taken
will take        will be taken
must take        must be taken
```

Tazama safu ya kulia: “taken” haibadiliki kuanzia juu mpaka chini. Kinachobadilika ni “be” peke yake. “Taking” ilikuwa na -ing, kwa hiyo “be” imekuwa “being”. Baada ya “has”, kitenzi kilikuwa katika umbo la tatu, kwa hiyo “be” nayo imeingia umbo lake la tatu, “been”. Baada ya “will” na “must” kitenzi kilikuwa kitupu, basi “be” nayo imekaa tupu.

Kutokana na hapo tunapata kipimo kimoja kizuri sana. Katika sentensi ya kukubali, kitenzi cha kutendwa huwa na neno moja zaidi ya kitenzi cha kutenda. “Took” ni neno moja, “was taken” ni mawili. “Is taking” ni mawili, “is being taken” ni matatu. Hesabu kwa kidole kabla hujapeleka daftari. Jibu la mwanafunzi wetu, “are drying”, lina maneno mawili, na swali, “are drying”, nalo lina mawili. Hapo hapo inajulikana kuna kitu hakijaingia.

Dalili: kuna -ing kwenye kitenzi kikuu, halafu “by”

Hili ndilo kosa la karafuu. Kiima na yambwa vimebadilishana nafasi lakini kitenzi hakikuguswa kabisa. Sababu yake ni woga wa kuharibu wakati: mwanafunzi ameambiwa asibadilishe wakati, akadhani maana yake ni asibadilishe kitenzi.

Ubaya wa sentensi hii ni kwamba ukiondoa “by the women” inabaki Kiingereza safi. “The cloves are drying” maana yake ni “Karafuu zinakauka.” Zimelala juu ya jamvi, jua linapiga, zinakauka zenyewe. Tunachotaka sisi ni “Karafuu zinaanikwa”, yaani kuna mikono inayozitandaza na kuzigeuza. Tofauti ya kukauka na kuanikwa kila mtoto wa Pemba anaijua, na ni tofauti hiyo hiyo iliyopo kati ya “are drying” na “are being dried”.

Tiba: chukua -ing kutoka kwa “drying”, ivishe “be” iwe “being”, kisha “dry” ipeleke umbo la tatu.

The cloves are being dried by the women.

Maneno matatu dhidi ya mawili. Sasa imekaa.

Dalili: sentensi inasomeka vizuri, lakini wakati umehama

Hili ni kosa gumu zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa halipigi kelele. Mwanafunzi mwingine, kwa swali lile lile, anaandika:

The cloves are dried by the women.

Hakuna kosa lolote la sarufi ndani ya sentensi hii. Lakini si jibu la swali lililoulizwa. Swali lilikuwa katika wakati unaoendelea, jibu liko katika wakati wa kawaida, na neno “being” limepotea njiani.

Sababu yake iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Kiambishi -na- kinabeba kazi mbili. “Wanawake wanaanika karafuu” inaweza kuwa sasa hivi, ukipita barabarani unawaona, na inaweza pia kuwa ndiyo kazi yao kila msimu. Kiingereza kinazitenga: “are drying” kwa la kwanza, “dry” kwa la pili. Mwanafunzi anaposoma “are drying” anaitafsiri kichwani kuwa “wanaanika”, anaigeuza kuwa “zinaanikwa”, kisha anairudisha kwenye Kiingereza. Akiwa njia ya kurudi anakuta -na- haikumwambia ilikuwa ipi kati ya zile mbili, anachukua iliyo fupi.

Kwa anayependa kupitia Kiswahili, iko njia ya kujilinda: kabla ya kugeuza, jaribu kuweka hu- mahali pa -na-. Kama maana ya sentensi ya Kiingereza inakubali “huanika”, uko kwenye wakati wa kawaida na jibu ni “are dried”. Kama haikubali, na unachoona ni kitendo kinachoendelea mbele yako, lazima “being” iwepo. Hivyo “The women dry the cloves every season” ni “huanika”, na jibu lake ni “The cloves are dried by the women every season.” Lakini njia iliyo bora ni kutotafsiri kabisa. Angalia nguo ya kitenzi: kama ni -ing, tafuta “being” kwenye jibu lako. Ikikosekana, umekosea, hata kama sentensi inasikika tamu.

Kiambishi -me- nacho kina mtego wake. “The women have dried the cloves” ni “Wanawake wameanika karafuu”, na upande wa kutendwa ni “zimeanikwa”. Sasa “zimeanikwa” kwetu ni kitendo kilichofanyika na pia ni hali iliyopo: unazikuta pale jamvini. Kwa sababu hiyo wengi wanaandika “are dried”, kana kwamba wanaeleza hali. Kiingereza hakikubali hapo. “Have” ikiwepo kwenye swali, lazima iwepo kwenye jibu, na “been” ifuate: “The cloves have been dried by the women.”

Kwa wakati uliopita tofauti iko wazi hata kwetu, ukitulia: “walianika” ni “dried”, nayo inakwenda “were dried”, na “walikuwa wakianika” ni “were drying”, nayo inakwenda “were being dried”. Wanaokosea hapa huwa wameona “were” kwenye swali wakadhani “be” tayari ipo, kazi imekwisha. Ile “were” ya kwenye swali ni ya -ing, si ya kutendwa. Ya kutendwa bado hujaileta.

Dalili: “is” mahali pa “are”, “has” mahali pa “have”

Asha is taking the sacks to Chake Chake.

Jibu baya: The sacks is being taken to Chake Chake by Asha.

Kitenzi kimegeuzwa barabara, maneno matatu yapo, umbo la tatu lipo. Kosa ni kwamba “is” ilikuwa ya Asha, na Asha si kiima tena. Neno la kwanza la kitenzi lazima likubaliane na kiima kipya, kama vile “anapeleka” ilivyogeuka “yanapelekwa” magunia yalipokuja mbele. Hakuna Mswahili anayesema “Magunia anapelekwa na Asha.” Kwa Kiingereza tunalisema hilo kwa sababu tunanakili kutoka kwenye swali kwa jicho.

Njia ya kuepuka ni kuandika kiima kipya kwanza, kisha kufunika swali kwa mkono na kujiuliza: hiki ni kimoja au vingi? “The sacks are being taken to Chake Chake by Asha.” Kubadili “is” kuwa “are” si kubadili wakati. Wapo wanafunzi wanaoacha “is” kwa makusudi kwa kuogopa hilo, na wanahitaji kuambiwa waziwazi.

Dalili: “was took”, “were broke”, “has been ate”

Hapa umbo la pili limekaa mahali pa umbo la tatu. Sababu inafichwa na vitenzi vya kawaida. Kwa “pick”, “dry”, “cook”, “carry”, umbo la pili na la tatu ni mamoja, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufanya mazoezi wiki nzima akipata yote bila kujua anatumia lipi. Siku anapokutana na “take” ndipo ufa unaonekana.

Walimu wanaoandaa zoezi wafanye kusudi kuchanganya. Ukiwapa wanafunzi sentensi 10 zote za vitenzi vya -ed, hujawapima. Weka angalau nusu ziwe na “take, took, taken”, “write, wrote, written”, “break, broke, broken”, “steal, stole, stolen”, “see, saw, seen”, “give, gave, given”, “eat, ate, eaten”. Hivi vichache vinatosha kumfichua anayebahatisha.

Kuna kundi jingine linaloleta shida ya upande wa pili: “cut”, “put”, “shut”, “hit”. Umbo ni moja la kwanza, la pili na la tatu, kwa hiyo jibu la kitenzi kikuu huwezi kulikosea, lakini unaweza usijue swali liko wakati gani. Chukua hii:

The carpenter cut the plank.

Wengi wanaandika “The plank is cut by the carpenter.” Kosa. Fundi ni mmoja, na kama ingekuwa wakati uliopo kitenzi kingekuwa “cuts”. Kukosekana kwa -s kunakwambia kwamba hii ni ya jana: “The plank was cut by the carpenter.” Kwa “They cut the planks” huna -s ya kukusaidia, hapo unatafuta neno la wakati kama “yesterday” au “every day”. Lisipokuwepo, majibu yote mawili ni sahihi, na mwalimu asimnyime mtu alama kwa sentensi aliyoitunga yeye ikiwa haina neno la wakati.

Dalili: sehemu ya yambwa imebaki nyuma

Tufanye sentensi nzima hatua kwa hatua, kwa jambo ambalo historia ya karafuu visiwani inalikumbuka:

In 1872 a hurricane destroyed most of the clove trees in Unguja.

Mwanafunzi anaandika “The clove trees were destroyed most by a hurricane in Unguja in 1872.” Wakati ni sawa, umbo la tatu ni sawa, lakini maana imevunjika. “Most of” imeachwa nyuma na “in Unguja” imekwenda kushikamana na kimbunga.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kitenzi: “destroyed”. Kisha uliza: kiliharibu nini? Jibu lichukuliwe lote, si neno la mwisho wala la katikati: “most of the clove trees in Unguja”. Kupima kama umechukua lote, badilisha furushi hilo kwa “them”. “A hurricane destroyed them” inasimama, hakuna kilichobaki kinaning’inia. Basi furushi zima ndilo kiima kipya.

Hatua ya pili, kitenzi. “Destroyed” ni wakati uliopita, neno moja, hakuna kisaidizi. “Be” inavaa wakati uliopita: “was” au “were”. Kinachozungumziwa ni miti, mingi, kwa hiyo “were”. Kisha umbo la tatu: “destroyed”.

Hatua ya tatu, mtenda: “by a hurricane”. Maneno ya mwaka yanaweza kubaki mbele kama yalivyokuwa.

In 1872 most of the clove trees in Unguja were destroyed by a hurricane.

Angalia pia kosa la ndugu yake, la kuacha kiwakilishi nyuma: “The cloves were picked them by Juma.” Hili hutokea swali likiwa na sentensi mbili, mfano “The cloves were ripe. Juma picked them.” Kiswahili kinatufundisha dawa yake. Tunasema “Juma alizichuma”, lakini tukigeuza tunasema “zilichumwa”, si “zilizichumwa”. Ile -zi- ya yambwa inaanguka kwa kuwa yambwa imekwishahamia kwenye kiima. “Them” nayo inageuka “they”: “They were picked by Juma.” Kwa njia hiyo hiyo “he” akienda nyuma anakuwa “him”, “she” anakuwa “her”, “we” inakuwa “us”. “By he” si Kiingereza.

Dalili: sentensi haitaki kugeuka

Mara nyingine mwanafunzi anahangaika, anaandika, anafuta, na kosa si lake. Sentensi haina yambwa. “The ferry arrived at Mkoani at noon.” Uliza: iliwasili nini? Hakuna jibu. “At Mkoani” ni mahali, “at noon” ni wakati, hakuna kinachotendwa. Vitenzi kama “arrive”, “sleep”, “die”, “happen”, “come” havina kauli ya kutendwa hata kidogo.

Mswahili lazima awe macho zaidi hapa kuliko mwanafunzi wa lugha nyingine, kwa sababu lugha yetu inaweza. Tunasema “Amefiwa na baba yake”, “Tumenyeshewa na mvua njiani”, “Wamejiwa na wageni.” Kufa, kunyesha na kuja havina yambwa, lakini Kiswahili kinavifungulia mlango. Ndipo mtu anaandika “He was died by his father” au “We were come by visitors.” Msomaji wa Kiingereza hataelewa kabisa. Kwa maana hizo Kiingereza kinatumia kauli ya kutenda ya kawaida: “His father died”, “Visitors came to us.”

Vipo vitenzi vinavyokubali kwa sharti, navyo ni vile vinavyotembea na kijineno chao. “The grandmother looks after the children” inageuka “The children are looked after by the grandmother.” Kijineno “after” hakiachwi. Akiandika “The children are looked by the grandmother” amebadilisha kulea kuwa kutazama, tena kwa Kiingereza kisichosimama.

Dalili: kuna yambwa mbili na mwanafunzi hajui ailete ipi

The buyers gave the farmers empty sacks.

Walipewa nani? Wakulima. Walipewa nini? Magunia matupu. Kiingereza kinakubali yoyote kati ya hizi mbili iwe kiima:

The farmers were given empty sacks by the buyers.

Empty sacks were given to the farmers by the buyers.

Ya kwanza inatujia kirahisi kwa sababu ndivyo tusemavyo: “Wakulima walipewa magunia.” Ya pili ndiyo inayoleta hasara, maana kwa kawaida hatusemi “Magunia yalipewa wakulima.” Mwanafunzi akilazimishwa kuanza na “Empty sacks”, anaisahau “to”. Kanuni ya kufanyia kazi ni fupi: kitu kikija mbele, mtu anayebaki nyuma atanguliwe na “to”. Mtu akija mbele, kitu kinabaki kama kilivyo. Kama karatasi haikusema uanze na lipi, anza na mtu. Ni jibu la kawaida zaidi katika Kiingereza, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Dalili: “did” imebaki kwenye jibu

The Portuguese did not build the House of Wonders.

Jibu baya: The House of Wonders did not built by the Portuguese.

“Did” iko pale kwa sababu moja tu: kitenzi “build” hakiwezi kujikanusha chenyewe, kinaomba msaada. “Be” haiombi msaada wa mtu, inajikanusha yenyewe. Kwa hiyo ikiingia, “do”, “does” na “did” zote zinatoka. Lakini kabla haijatoka, soma wakati wake, maana “did” ndiyo iliyobeba wakati uliopita: “be” itauchukua na kuwa “was”.

The House of Wonders was not built by the Portuguese.

Swali nalo ni hivyo hivyo. “Did Sultan Barghash build the House of Wonders?” inakuwa “Was the House of Wonders built by Sultan Barghash?”, na kwa mwaka 1883 jibu ni ndiyo. Kipimo cha kuhesabu maneno hakifanyi kazi kwenye sentensi zenye “do”, kwa kuwa neno moja limetoka na jingine limeingia, hesabu inabaki sawa. Ni mahali pekee ambapo kinadanganya.

Kuhusu “by”

Makosa ya “by” ni machache. Moja ni kuiweka mbele ya chombo. Sisi tunatenganisha wenyewe: “Pweza alikatwa kwa kisu na Asha.” “Kwa” ya chombo ni “with”, “na” ya mtenda ni “by”: “The octopus was cut with a knife by Asha.” Ukijua Kiswahili chako kinasema “kwa” au “na”, umelipata jibu.

Jingine ni kuandika “by someone”, “by people”, “by them” kila mara. Swali likiwa “Someone has stolen the outrigger boat”, jibu zuri ni “The outrigger boat has been stolen.” Aliyeiba hajulikani, kumtaja “someone” hakuongezi kitu, na wasahihishaji wengi wanakubali atoke. Lakini mtenda akiwa na jina au kazi, kama “Asha”, “the buyers”, “a hurricane”, asiachwe, kwa kuwa zoezi linataka kila kilichokuwemo kwenye sentensi ya kwanza kionekane kwenye ya pili.

Na ipo mipaka ya nyakati zenyewe. Sentensi kama “The women have been drying the cloves since morning” kwa hesabu ingezaa “have been being dried”, mkia ambao Kiingereza cha kawaida kinaukwepa. “Will be drying” ina tabia hiyo hiyo. Mwalimu asiziweke kwenye zoezi, na mwanafunzi akizikuta kwenye kitabu ajue kwamba zimetungwa bila kufikiriwa, si kwamba yeye hajasoma vya kutosha.